Maziwa mazito ya sukari: namna ya kuyachemsha nyumbani yasiungue wala yasifanye mchanga

Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina uzito wa gramu 1,030 hivi, na kati ya hizo karibu gramu 900 ni maji. Ukitia sukari gramu 200, sufuria inakuwa na gramu 1,230. Maziwa mazito matamu, yale tunayoyajua kwenye makopo, ni mchanganyiko huohuo uliopungua hadi gramu 460. Kwa hiyo kazi nzima ni kufukuza gramu 770 za maji kwa mvuke, bila kuunguza kinachobaki, kisha kuepua panapostahili. Ukiepua mapema mno, unabaki na maziwa matamu mepesi yanayoharibika baada ya siku chache. Ukipitiliza, utapata mchanga, yaani chembe ngumu za sukari, ndani ya chupa hata kama hukuunguza chochote.

Ndiyo maana nasisitiza mizani kabla ya kitu kingine chochote. Mizani ndogo ya jikoni inayopima hadi kilo tano inatosha. Wengi huangalia uzito wa mchuzi kwa jicho, na jicho linadanganya, kwa sababu maziwa haya yakiwa ya moto huwa mepesi kuliko yatakavyokuwa yakipoa. Anayesubiri yawe mazito juu ya jiko ameshapitiliza.

Maziwa, sukari na sufuria

Tumia maziwa yenye mafuta yake yote. Yaliyoenguliwa malai hayafai sana hapa: yana sukari nyingi ya maziwa ukilinganisha na vitu vingine vilivyomo, na sukari hiyo ndiyo chanzo cha ule mchanga nitakaoueleza mbele. Yawe mabichi ya leo au ya pakiti, yote yanakubali, mradi yasiwe yameanza kuchachuka.

Kuchachuka huku hakuonekani kirahisi. Maziwa yaliyokaa juani kwenye kidumu tangu alfajiri yanaweza kunywewa bila kuhisi uchachu wowote, tena yakachemka mara moja bila kukatika. Lakini wewe unakwenda kuyapunguza hadi chini ya nusu, na asidi ndogo iliyomo haitoki na mvuke. Inabaki, inakolea, na katikati ya safari maziwa yanakatika ghafla. Kwa hiyo pima kwanza: chemsha vijiko vitatu kwenye kikombe cha bati, uinamishe, uangalie pembeni. Ukiona hata vichembe vidogo vimeshika ukingo, maziwa hayo fanyia mtindi. Wapo wanaotia soda ya kuokea kuua ile asidi, na kweli ncha ya kijiko husaidia, lakini soda hiyohiyo inaharakisha maziwa kubadilika rangi kuwa ya kahawia. Ukitaka maziwa meupe, nunua maziwa mapya.

Sukari ni gramu 200 kwa lita. Kikombe cha mililita 250 kilichosawazishwa juu kinabeba karibu kiasi hicho. Sukari nyeupe inatoa rangi safi. Ile yenye wekundu kidogo inayouzwa kwa kupimwa madukani nayo inafaa, ila maziwa yatakolea rangi.

Sufuria iwe pana na nzito chini. Upana ndio unaotoa mvuke, kwa hiyo sufuria yenye kipenyo cha sentimita 26 hadi 28 inamaliza kazi mapema kuliko nyembamba iliyo ndefu, na kadiri maziwa yanavyokaa muda mfupi motoni ndivyo yanavyobaki na rangi na harufu nzuri. Kama una sufuria nyembamba za alumini tu, weka kikaango cha chuma au cha chapati juu ya jiko, kisha sufuria juu yake, ili moto usambae badala ya kupiga sehemu moja. Kwa jiko la mkaa, tandaza makaa yaliyokwisha kushika vizuri na uyafunike majivu kiasi. Mkaa unaopepewa ndio unaounguza maziwa ya watu wengi.

Mwiko uwe wa mbao wenye ncha bapa, unaogusa chini ya sufuria kwa upana. Mwiko wa mviringo unaacha njia usizozifikia.

Kuchemsha: mfano wa lita moja

Pima sufuria tupu na uandike uzito wake. Tuseme ina gramu 700. Mimina maziwa, mizani itasoma 1,730. Namba nyingine zote za kazi hii zinatoka hapo.

Pasha maziwa kwa moto wa wastani huku ukikoroga tangu mwanzo, sio tangu yanapoanza kuchemka. Dakika hizi za kwanza zina uzito kuliko zinavyoonekana. Maziwa yakipita nyuzi 70 hivi, protini zile zinazoelea kwenye maji yake hufumuka na kuanza kushikana, na chini ya sufuria ndiko kwenye joto kali kuliko kote. Zinaganda pale pamoja na chokaa ya maziwa na kutengeneza utando mweupe, mwembamba kiasi kwamba huuoni. Utando huo haujaungua, lakini unaunguza: maziwa yaliyo juu yake hayawezi tena kuupoza, unazidi kupata joto, unakuwa manjano, kisha kahawia, kisha ukoko mweusi. Mtu anaposikia harufu ya kuungua dakika ya sitini, mara nyingi mwanzo wake ulikuwa dakika ya tano, alipowasha moto mkubwa akaenda kuosha vyombo.

Yakianza kufura, punguza moto hadi yawe yanatokota kidogo tu, mapovu yakipasuka hapa na pale pembezoni. Usifunike. Koroga kila baada ya dakika mbili tatu, na kila mara kwangua chini kwa ncha ya mwiko ukitoka upande mmoja kwenda mwingine. Mkono utakwambia hali ya chini ya sufuria. Ikiwa safi, mwiko unateleza. Ukianza kuhisi unakwama kidogo, kama unapita juu ya kitu chenye ukungu, utando umeanza. Shusha moto hapohapo na ukoroge bila kuacha kwa dakika mbili. Malai yakitanda juu, yarudishe ndani. Ukiyaacha yakauke, yatabaki vipande visivyoyeyuka tena.

Mizani ikisoma 1,300, yaani umebakiwa na gramu 600 za maziwa, epua na utie sukari. Wapo wanaotia sukari mwanzoni kabisa, na si kosa, ila mimi napendelea kusubiri hadi hapa. Maziwa yasiyo na sukari ni mepesi na yanazunguka yenyewe sufuriani, joto la chini linapanda juu bila msaada mkubwa. Yakishapata sukari yanakuwa mazito, hayazunguki, na kila tone la chini linakaa palepale kwenye joto mpaka wewe ulisogeze. Hakuna sababu ya kuishi na hali hiyo tangu dakika ya kwanza.

Hakikisha unaitia sukari nje ya moto, na unakoroga mpaka chembe zote ziishe. Sukari inazama. Ukiitia sufuria ikiwa motoni ukaipa hata dakika moja ya kulala chini, itashika. Yeyusha hadi mwiko usisikie tena mkwaruzo wowote, kisha chukua kitambaa safi kilicholowa na ufute chembe zilizoruka kwenye kuta za sufuria. Kufuta huku kuna sababu, nitaieleza kwenye habari ya mchanga.

Mizani sasa inasoma 1,500. Rudisha kwenye moto mdogo kabisa ulio nao. Kuanzia hapa hadi mwisho usiondoke jikoni na usiache kukoroga. Kila gramu ya maji inayotoka inaongeza uzito wa mchuzi, na uzito unaongeza hatari ya kushika. Mapovu nayo yatabadilika: yale madogo ya haraka yatakuwa makubwa, mazito, yanayopasuka polepole na kurusha matone. Pima kila dakika kumi, halafu kila dakika tano. Mizani ikisoma kati ya 1,160 na 1,180, epua. Kwa moto wa taratibu, safari yote inachukua kama saa moja na nusu hadi mbili.

Usitishike ukiona bado ni mepesi. Yakiwa na joto hilo yanatiririka kama uji wa mgonjwa. Dondosha kidogo kwenye sahani iliyokaa baridi, subiri dakika moja, pitisha kidole katikati: njia ikijifunga polepole, umefika. Ikijifunga mara moja, punguza gramu 20 nyingine. Isipojifunga kabisa, umepitiliza. Koroga ndani vijiko viwili vya maji ya moto kabla hayajapoa.

Asiye na mizani atumie jagi la chuma. Maji mililita 350 yanamiminwa ndani na alama inawekwa palipofika. Maziwa yako yakikaribia, yamimine humo uone kama yamefika alama, kisha uyarudishe. Ni usumbufu, na si sahihi kama mizani, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukisia.

Kwa nini yanaungua, na kwa nini yanakuwa kahawia

Haya ni mambo mawili, na watu huyachanganya. Kuungua kwenye ukoko nimekwisha kueleza: kunatokea chini tu, kunaleta harufu ya moshi na vipande vyeusi. Likitokea, usikwangue. Epua, mimina maziwa kwenye sufuria nyingine bila kugusa chini, yaonje. Ikiwa harufu haijaingia, endelea na moto mdogo zaidi. Ikiwa imeingia, haitoki, hata utie vanila au iliki kiasi gani.

Kubadilika rangi ni kitu kingine. Sukari ya asili ya maziwa, inayoitwa laktosi, inapokaa na protini kwenye joto kwa muda mrefu, hufanya rangi ya dhahabu na ladha ya tofi, kote sufuriani, bila kushika chini. Hiyo haizuiliki kabisa nyumbani. Mmarekani Gail Borden, aliyepata hataza ya maziwa ya kopo mwaka 1856, alichemsha kwenye chombo kilichoondolewa hewa, ambamo maziwa hutokota yakiwa na joto dogo sana kuliko la sufuria iliyo wazi. Ndiyo sababu ya kiwandani ni meupe. Sufuria yako iko wazi, maziwa yanachemka karibu na nyuzi 100, kwa hiyo tegemea rangi ya krimu. (Walio Arusha, Njombe au Nairobi wana nafuu ndogo: kwenye miinuko hiyo maji huchemka kabla ya kufika 100, Arusha kama nyuzi 95.) Ukiona rangi imekolea kuliko krimu, moto ulikuwa sawa ila muda ulikuwa mrefu, tafuta sufuria pana zaidi.

Mchanga unatoka wapi

Fungua chupa baada ya wiki, chukua kijiko, na ulimi unakuta chembe. Kabla ya kurekebisha, jua ni chembe gani, maana zipo tatu na kila moja ina chanzo chake.

Weka kidogo kati ya vidole na usugue. Chembe ikiwa laini, ikapondeka, hiyo ni protini: maziwa yalikatika, yalikuwa na asidi. Hakuna dawa zaidi ya kuyachuja. Chembe ikiwa ngumu, kubwa, ikavunjika kwa meno na kuyeyuka mdomoni ikiacha utamu mkali, hiyo ni sukari ya kawaida imerudi kuganda. Ikiwa ngumu, ndogo, isiyo na utamu wa kueleweka, na inakawia kuyeyuka ulimini, hiyo ni laktosi.

Sukari ya kawaida inaganda kwa sababu ya hesabu mbaya. Kwenye gramu zetu 460 mna maji gramu 130 hivi na sukari gramu 200. Maji ya joto la kawaida yanaweza kuyeyusha sukari karibu mara mbili ya uzito wake, yaani maji haya yangeweza kubeba kama gramu 260. Tuko salama. Lakini chukua mtu aliyetia gramu 300 kwa lita ileile, akachemsha hadi maji yakabaki yaleyale 130. Juu ya moto yote imeyeyuka, na anaona kazi nzuri. Yakipoa, gramu 40 hazina pa kukaa, na zitatoka, leo au kesho kutwa. Aliyetia 200 akapitiliza motoni hadi maji yakabaki 90 amefika palepale kwa njia nyingine. Na zile chembe zilizobaki kwenye kuta za sufuria au kwenye shingo ya chupa ndizo zinazoanzisha, kwa sababu sukari iliyobanwa hutafuta chembe ya kushikia. Ndiyo maana ya kile kitambaa.

Laktosi ni habari tofauti, na hapa mizani haitakuokoa. Lita moja ya maziwa ina laktosi gramu 48 hivi. Laktosi haipendi kuyeyuka: kwenye maji gramu 130 ya joto la kawaida haziingii hata gramu 30, na sukari nyingi iliyomo inapunguza nafasi hiyo zaidi. Kwa hiyo kila chupa ya maziwa mazito, hata ya kiwanda bora, ina laktosi iliyoganda. Huwezi kuizuia. Unachoweza ni kuamua ukubwa wa chembe zake. Zikiwa nyingi mno na ndogo mno, ulimi hauzihisi. Maziwa yanakuwa laini. Zikiwa chache, zinagawana laktosi ileile na kila moja inanenepa mpaka inakuwa mchanga.

Na chembe chache kubwa ndizo unazopata ukiyaacha maziwa yapoe yenyewe, taratibu, bila kuguswa. Kwa hiyo fanya kinyume chake. Mara ukiepua, mimina maziwa kwenye bakuli la chuma, lisimamishe ndani ya beseni la maji baridi, na ukoroge. Badilisha maji yakipata joto. Bakuli likifika joto ambalo ukiligusa nje hulihisi la moto wala la baridi, tia kijiko kimoja cha chai cha maziwa mazito mazuri: ya kopo, au ya chupa yako iliyopita kama ilikuwa laini. Kijiko hicho ni mbegu: kina chembe za laktosi zisizohesabika, ndogo kuliko unavyoweza kuona, na kila moja inakuwa mahali pa kushikia. Viwandani hufanya jambo hilohilo kwa unga laini wa laktosi. Endelea kukoroga kwa nguvu dakika kumi na tano hadi ishirini, mpaka yapoe kabisa. Watu huona hatua hii ni ya ziada kwa sababu moto umeshazimwa na mkono umechoka, lakini ndiyo inayoamua kama utakula maziwa laini au mchanga wiki ijayo.

Usijaribu limau, ambalo wapishi wa peremende hutia kuzuia sukari isigande. Kwenye maziwa litayakata, na kwa laktosi halina faida yoyote.

Kuhifadhi, na kuokoa yaliyoganda

Mimina kwenye chupa ndogo zilizochemshwa na kukaushwa, ujaze hadi juu. Chupa ndogo kadhaa ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu kila unapoitoa chupa kwenye friji na kuirudisha, chembe ndogo zinayeyuka kidogo na zile kubwa zinakua. Weka friji na uyamalize ndani ya wiki mbili. Usiyaache kabatini ukidhani ni ya kopo. Ya kiwandani yanalindwa na usafi na ufungaji ambao jiko letu halina. Wala yasiwe chakula cha mtoto mchanga, hata yakizimuliwa: sukari ni nyingi mno.

Yakishafanya mchanga wa sukari au wa laktosi, bado yanaokoka. Kwa kila chupa ya gramu 230 ongeza vijiko viwili vya chakula vya maji, pasha kwa bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji yanayotokota, si moja kwa moja kwenye moto, na ukoroge hadi chembe ziishe kabisa. Laktosi itachukua dakika kumi au zaidi, usiwahi kuepua. Kisha yapoze kwenye beseni kama mwanzo, na kijiko chako cha mbegu. Yatakuwa mepesi kidogo kuliko awali na yatumike ndani ya siku chache. Usipotaka kuhangaika, yatie kwenye chai ya moto au kwenye unga wa keki, ambako mchanga huo unayeyuka wenyewe.